Taarifa ya Daktari kwa Ajili ya Maombi ya Ruzuku ya Kaya

Kwa: Afisa Ustawi wa Jamii, Halmashauri ya Wilaya ya Mpwapwa
Nakala: Mratibu wa TASAF wa Wilaya
Tarehe: 12 Machi 2025

YAH: BW. S. M., MIAKA 41, JALADA NA. 0417/2009

Ninamtibu mtajwa hapo juu katika kliniki yetu ya afya ya akili tangu 2016. Taarifa hii imeombwa na dada yake anayemtunza. Mgonjwa amesomewa yote yaliyomo na ameridhia kwa sahihi yake.

Ana skizofrenia sugu (F20.5). Ilimwanza 2008 akijifunza useremala. Amelazwa mara tatu, mara ya mwisho Hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 2013, kwa wiki saba. Kwa sasa anachomwa fluphenazini dekanoeti miligramu 25 kila baada ya wiki nne, na anameza triheksifenidili kwa ajili ya mikono kutetemeka. Sauti anazosikia zimepungua ila hazijaisha: hujitokeza jioni, na zaidi akiwa katikati ya watu. Kilichobaki ni kukosa ari, umakini kukatika na kushindwa kupanga mambo. Dalili hizi dawa zake hazizigusi sana, na kwa miaka tisa niliyomfuatilia hazijabadilika.

Sehemu inayofuata naieleza kwa kirefu kwa sababu Bw. S. M. ana mwili mzima. Anatembea vizuri, anabeba ndoo ya maji, anaitikia salamu. Anayemwona njiani atamhesabu kuwa nguvu kazi ya kaya, na nimeambiwa ndivyo alivyoandikwa katika dodoso la awali.

Tarehe 20 Februari nilimtembelea nyumbani, nikamwomba apike ugali kama anavyofanya siku zote. Aliwasha moto, akabandika sufuria ya maji, akakaa kwenye kigoda. Maji yalichemka. Unga ulikuwa pembeni yake, hatua moja tu. Baada ya dakika 25 maji yalikuwa yamekauka nusu na hajanyanyuka. Dada yake aliposema, "Kaka, tia unga," alitia papo hapo na kusonga vizuri tu. Kupika anajua. Asipoambiwa hatua inayofuata, hatoki pale alipo, na ndivyo ilivyo kwa kuoga, kubadili nguo na kula. Akiachwa peke yake hula mara moja kwa siku, au asile kabisa.

Dawa: hasimamii mwenyewe. Mwaka 2022 dada yake alipokuwa msibani wiki tatu, vidonge vyote vilikutwa chini ya mkeka, na tarehe ya sindano ilipita. Sauti zilirudi kwa nguvu.

Fedha: anazitambua noti, lakini hawezi kupanga matumizi wala kukataa akiombwa. Alipotumwa chumvi na noti ya shilingi 5,000 alirudi na chumvi bila chenji, na hakuweza kueleza imekwenda wapi.

Kazi: mwaka 2023 alijaribiwa kwenye kuchimba mtaro wa kijiji. Siku ya kwanza alifanya kazi kama dakika 40 kisha akasimama na jembe mkononi. Siku ya tatu aliondoka, akiamini wenzake wanamsema, akapatikana usiku kijiji cha pili. Hajawahi kumpiga wala kumtishia mtu; naliandika hili kwa sababu huulizwa kila mara.

Katika tathmini ya ulemavu ya WHODAS 2.0 yenye maswali 12, ambapo alama nyingi zaidi ni ugumu mkubwa zaidi, amepata alama 33 kati ya 48. Ugumu mkubwa zaidi uko katika kazi za nyumbani, umakini na kuhusiana na watu asiowajua. Kutembea hana shida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua ulemavu unaotokana na sababu za kiakili, na kwa maoni yangu hali hii inaingia humo. Sitarajii apone kwa kiwango cha kujitegemea.

Kaya ina watu watatu: yeye, mama yao mwenye miaka 71, na dada, ambaye hawezi kuondoka nyumbani zaidi ya saa chache. Bodaboda ya kwenda na kurudi kliniki ni shilingi 12,000 kila mwezi.

Napendekeza:
1. Asihesabiwe kuwa mwenye uwezo wa kufanya kazi, na asipangiwe ajira za muda.
2. Kaya ifikiriwe kwa ruzuku ya moja kwa moja.
3. Mpokeaji wa fedha awe dada yake.
4. Hali yake ipitiwe upya baada ya miaka miwili, nyumbani kwake. Akiitwa ofisini ataonekana mtulivu na atajibu "ndiyo" kwa kila swali.

Dkt. A. N.
Daktari wa Magonjwa ya Akili, Hospitali ya Wilaya
(Sahihi na mhuri)