Maombi ya ankara ya mwisho yenye mchanganuo na ripoti ya daktari

Mikanjuni,
Tanga.
14 Julai 2025

Mganga Mfawidhi,
Tanga.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: MGONJWA BAKARI OMARI MHINA, ALIYELAZWA 22 HADI 26 JUNI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mke wa mgonjwa, na bima ya afya ya familia imekatwa kwa jina langu. Mume wangu aliletwa kwenu usiku, akapasuliwa kidole tumbo, na sasa anaendelea vizuri. Wauguzi wa wodi ya wanaume walimhudumia kwa moyo, nawashukuru sana.

Usiku ule tulilipa taslimu, shilingi 600,000 kama amana na 1,260,000 siku ya kuruhusiwa. Ankara tuliyopewa ina mstari mmoja tu: "Matibabu na upasuaji, 1,860,000." Kampuni ya bima imeirudisha. Kila huduma kwenye bima yangu ina kikomo chake, na bila kuona kitanda ni kiasi gani na dawa ni kiasi gani, hawawezi kukokotoa cha kunirudishia.

Naomba basi ankara ya mwisho (siyo makadirio) inayoonyesha, kwa tarehe, gharama ya kitanda, kumwona daktari, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, vifaa tiba, altrasaundi na kila kipimo cha maabara. Dawa ziandikwe kwa jina, idadi na bei. Ionyeshe pia kuwa amana imekatwa na deni limekwisha, iambatane na stakabadhi za EFD za malipo yote mawili. Jina liandikwe Bakari Omari Mhina kama lilivyo kwenye bima. Ankara ya kwanza iliandikwa "Bakari Omary" tu, na hilo nalo limehojiwa.

Ripoti ya daktari ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Bima inataka kujua kama ilikuwa dharura, kwa kuwa hatukuomba kibali kabla ya upasuaji. Mume wangu hakuwahi kuugua tumbo hili kabla ya siku ile, na mtu anayejikunja kwa maumivu usiku hasubirishwi kibali. Naomba daktari aliyempasua aeleze dalili zilianza lini, alimkuta katika hali gani, uchunguzi ulionyesha nini, kwa nini upasuaji haukuweza kungoja, na nini kilifanyika hadi kuruhusiwa. Aweke jina, sahihi, namba ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na mhuri wa hospitali.

Mwisho wa kuwasilisha madai ni 25 Julai, hivyo nitashukuru nikizipata kufikia tarehe 21. Nitazifuata mwenyewe masjala. Kama kuna ada ya ripoti, nijulishwe kwa simu iliyo kwenye faili nije nayo.

Kwa kuwa taarifa hizi ni za mume wangu, ameridhia kwa maandishi nipewe. Nimeambatanisha ridhaa yake, nakala za vitambulisho vyetu vya NIDA, ankara ya kwanza na barua ya kampuni ya bima.

Wako,

Zuhura Ally Mbaruku
Mwenye bima