Prompti ya jalada la "Taa ya Wodi ya Nane"

Tengeneza jalada la mbele la kitabu kutokana na picha niliyoambatanisha. Aliye pichani ni mama yangu, na kitabu ni chake: kumbukumbu za miaka 31 ya uuguzi, mingi ikiwa ya zamu za usiku. Jalada liwe la wima, uwiano wa 2:3, pikseli 1800 kwa 2700.

Uso wake usiuguse. Usilainishe ngozi wala kumpunguzia umri. Mikunjo ya pembeni mwa macho, kovu dogo juu ya nyusi na mwanya unaoonekana anapotabasamu, vyote vibaki. Mvi zibaki mvi. Nataka aliyewahi kuuguzwa naye akilishika kitabu hiki amtambue papo hapo. Kioo kimoja cha miwani kina mng'ao wa dirisha kwenye kona. Upunguze kidogo tu, usimchoree jicho jipya. Mboni zote mbili zinaonekana vizuri, zibaki hivyo hata jalada likipunguzwa hadi ukubwa wa stempu. Kivuli, moshi au miale isipite usoni.

Picha ilipigwa kwa mlalo na nywele zinakaribia kugusa ukingo wa juu. Kwa hiyo ongeza mandhari juu yake na umshushe, utosi ukae chini ya theluthi ya kwanza ya jalada. Theluthi hiyo ni ya jina la kitabu, maneno matano kwa herufi nyeupe nene, hivyo iwe na rangi moja tulivu, buluu nzito ya usiku, bila nyota, madoa wala fremu ya dirisha. Chini kabisa, vazi lake lififie gizani taratibu ili jina lake lipate pa kukaa. Wewe usiandike herufi wala namba yoyote, hata mlangoni mwa wodi. Maandishi nitayaweka mwenyewe. Pikseli 120 kutoka kila ukingo zisiwe na kitu cha maana, kwa sababu karatasi hukatwa baada ya kuchapwa.

Nyuma yake iwe korido ya wodi usiku, yenye ukungu, na taa moja tu inayowaka. Ikae kushoto kwa mtazamaji, maana ndiko mwanga wa picha ulikotoka. Ikitokea kulia, uso utaonekana umebandikwa. Nywele ziingie gizani zenyewe, bila ule mstari mweupe wa picha iliyokatwa kwa mkasi. Sitaki sindano, damu, wala mgonjwa kitandani. Kitabu kinahusu kukesha na watu, na taa ile inatosha kulisema hilo.

Nitolee matoleo mawili: moja taa ikiwa karibu na bega lake, la pili ikiwa mbali, mwisho wa korido. Uso uwe uleule katika yote mawili.