Jiwe la lango la Ngome ya Yesu: tafsiri na maelezo

Assalaam alaykum Mwalimu,

Ulipowaleta wanafunzi wako kutoka Wete, uliniuliza lile jiwe lililo juu ya lango kuu linasema nini, na kwa nini umeona neno "Pemba" katikati ya Kireno. Kundi la nyuma lilikuwa limeshafika mlangoni, nikakuahidi kukuandikia. Hii hapa tafsiri nzima, kisha maelezo. Waandishi wa jiwe walibana maneno mengi kwa ufupisho, kwa hiyo nimeyanyoosha ili yasomeke darasani.

"Mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira, mwenye umri wa miaka 27, alifanywa kapteni wa ngome hii kwa miaka minne. Aliijenga upya na kuongeza chumba hiki cha walinzi. Aliirudisha chini ya Mfalme Mtukufu pwani hii, ambayo ilikuwa imeasi kwa ajili ya mfalme wake dhalimu. Aliwatoza ushuru wafalme wa Otondo, Mandra, Luziwa na Jaca. Aliwaadhibu yeye mwenyewe Pate na Sio, adhabu isiyotarajiwa huko India, hata akabomoa kuta za miji yao. Aliwatia adabu Wamusungulo. Aliiadhibu Pemba, akawaua kwa uamuzi wake mwenyewe watawala walioasi na wakubwa wote wenye jina. Aliwalipisha wote ushuru waliokuwa wamemnyima Mfalme. Kwa huduma hizo alifanywa mwungwana wa nyumba ya Mfalme, naye alikwisha kupewa vazi la Shirika la Kristo kwa huduma nyingine, pamoja na milreis 50 kwa mwaka, ukapteni wa Jafanapatan kwa miaka sita na wa Beligao kwa minne, na haki ya kumteua amtakaye kushika yote hayo, akiwa hai au akifa. Pedro da Silva akiwa Makamu wa Mfalme, mwaka 1639."

Utaona kwamba jiwe halikuandikwa kwa ajili ya watu wa Mombasa. Ni orodha ya kazi na malipo ya mtu mmoja, imechongwa ili kila mkubwa atokaye Goa huko India, alikokaa Makamu wa Mfalme, aisome akipita langoni. Mimi huwaambia wageni waisome kama waraka wa kuomba cheo. Lakini katika kujisifu, kapteni ametuachia jina la kila mji uliomkatalia, na hapo ndipo jiwe linapokuwa letu.

Tuanze na huyo "mfalme dhalimu", maana jiwe limekataa kumtaja. Ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa hila ya Wareno wenyewe. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe, mtoto mdogo, alichukuliwa naye akapelekwa Goa hiyohiyo, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 Wareno walimrudisha Mombasa kuwa mfalme wao. Fikiria kijana anayerudi kutawala mji wa baba yake chini ya waliomuua.

Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, akarudi katika Uislamu na kuitwaa ngome. Wareno wa mjini, wanaume kwa wanawake, na Waafrika waliobatizwa, waliuawa pia. Hilo wanafunzi waambiwe bila kufichwa, kama vile waambiwe habari ya kichwa cha Sultani Hasan. Manowari zilikuja kutoka Goa mapema 1632, zikashindwa. Miezi michache baadaye Yusuf alibomoa alichoweza, akapakia mizinga na kuondoka kwa jahazi. Wareno walirudi kwenye ngome tupu. Yeye aliendelea kuwasumbua baharini mpaka alipofariki upande wa Bahari ya Shamu mwaka 1638. Kwa hiyo "aliijenga upya" ya Cabreira maana yake ni kuziba alichobomoa Yusuf.

Sasa majina. Otondo ni Utondwe, pwani ya Tanzania ya leo karibu na Saadani. Mandra ni Manda, Luziwa ni Uziwa, Jaca ni Shaka, upande wa Lamu na mdomo wa Mto Tana. Sio ni Siyu, jirani ya Pate kwenye kisiwa kilekile. Wamusungulo ni jina ambalo Wareno waliwapa watu wa bara nyuma ya Mombasa, wazee wa hawa tunaowaita Wamijikenda. Kapteni anajisifu kwamba aliwatia adabu, lakini kumbukumbu za Wareno wenyewe zinaonyesha kwamba ngome ilikuwa ikiwapa nguo ili njia za bara na chakula visifungwe. Jiwe limenyamaza juu ya hilo.

Na Pemba. Wafalme wa Malindi waliohamishiwa Mombasa na Wareno walipewa Pemba pia, kwa hiyo kisiwa kilihesabiwa kuwa shamba la ngome: mchele na vyakula vingine vya askari vilitoka kwenu. Pemba ikiasi, Mombasa inalala njaa. Ndiyo sababu adhabu ya Pemba ni nzito kuliko zote kwenye jiwe. Pate walibomolewa kuta, Pemba waliuliwa viongozi. Maneno "wakubwa wote wenye jina" yananiuma kila nikiyasoma, kwa sababu majina yenyewe hayakuandikwa, hata moja. Mwanafunzi wako mrefu aliyeuliza kama walihukumiwa kwanza, mwambie jiwe linajibu: kapteni aliwaua kwa uamuzi wake, na analitaja hilo kama sifa.

"Mfalme Mtukufu" anayetajwa alikuwa Felipe, mfalme wa Uhispania. Tangu 1580 taji la Ureno lilikuwa kichwani mwa wafalme wa Uhispania, na Desemba 1640, mwaka mmoja tu baada ya tarehe ya jiwe, Wareno waliasi na kujitenga. Waliochonga neno "kuasi" juu ya lango letu waliasi na wao.

Zawadi zake hazihitaji maelezo marefu. Milreis ni fedha ya Wareno wa wakati ule. Jafanapatan ni Jaffna, kaskazini ya Sri Lanka, na Beligao ni Weligama, kusini ya kisiwa hichohicho. Ukapteni wa mahali kama hapo ulikuwa mlango wa utajiri, na haki ya kumteua mwingine iliufanya kuwa mali ya kurithisha.

Miji yenyewe haikutulia. Pate iliendelea kuasi, na mwaka 1678 Makamu wa Mfalme mwingine, Pedro de Almeida, alikuja kuwakata vichwa watawala wa Pate, Siyu, Lamu na Manda. Majina matatu ya jiwe yamerudi, miaka karibu 40 baada ya "kunyenyekezwa". Waomani, waliokwisha kuwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, waliizingira ngome tangu Machi 1696 na kuiingia Desemba 1698. Jiwe hawakuling'oa.

Mkija tena, njooni asubuhi saa tatu hivi, kabla makundi hayajajaa langoni. Na nina ombi: ukipata mzee Pemba mwenye habari za wakati wa Wareno, hata kama ni za mchezo wa ng'ombe ambao wengi husema waliuacha wao, ziandike kama anavyozisema na uniletee. Upande wa kapteni tunao. Upande wa wale wakubwa wa Pemba bado natafuta.

Wasalimie wanafunzi.

Mtembezaji wenu, Mombasa