YAH: OMBI LA KUPANGA MATANGAZO YA MUHULA MAPEMA YATOKE YENYEWE

Tanga, 19 Mei 2025

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wote wa Kamati ya Shule, shikamooni wakubwa zangu, na walimu salaam nyingi.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua rasmi huwa haziandikwi hivi ila mimi naandika nikiwa dukani, wateja wanaingia na kutoka, kwahiyo mtanivumilia.

Mnanijua, mimi ni Mama Zubeda, nina mtoto darasa la 4 na mwingine la 7, na ndo mwakilishi wa wazazi wa la 4. Ombi langu ni moja tu: kuanzia muhula wa pili tusitangaze jambo siku likishatubana, tukae jioni moja kabla shule haijafunguliwa tuandike matangazo yote ambayo tarehe zake zinajulikana, tuyawekee siku na saa kwenye simu, yakifika muda yaende yenyewe.

Nieleze kwanza kilichonifikisha hapa. Kikao cha mwezi wa tatu tangazo liliingia kwenye grupu Alhamisi saa 4:47 usiku, kikao chenyewe Ijumaa saa 2 asubuhi. Mimi nilikuwa Dar nafuata mzigo wa madaftari, nikaliona nimeshapanda basi la kurudi, na hapo ni kwa sababu nilipandisha juu kupita stika za usiku mwema, dua, na mtu anayeuza dera. Wazazi wa la 4 tuko 68, walifika 14. Halafu kikaoni ikasemwa wazazi hatujali! Wengine hata WhatsApp hawana, nimewahesabu mwenyewe, 19 wana vitochi, hao wanategemea kile kikaratasi anachopewa mtoto, na cha mwanangu nilikikuta kimefuliwa ndani ya kaptula, kimebaki kidonge.

Simlaumu mwalimu anayetangaza. Anafundisha kutwa, anasahihisha, akifika nyumbani ndo anakumbuka, bando nalo ni lake. Tatizo ni kwamba kila kitu tumekitundika kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja na simu yake. Mnakumbuka mwalimu aliyefungua ukurasa wetu wa Facebook alipopata uhamisho paswedi ikaondoka naye, mpaka leo ukurasa unaonyesha mahafali ya zamani.

Sasa itafanyikaje. Sehemu kubwa ya mambo ya muhula inajulikana mapema: siku ya kufungua, likizo ya katikati, vikao, mahafali, mtihani wa la 7 mwezi wa tisa, upimaji wa la 4 unaofuata baadaye. Ratiba ikishatoka hakuna cha kusubiri. Kila jambo liwe na matangazo matatu, wiki moja kabla, siku mbili kabla, na asubuhi yenyewe. La wiki moja ndo muhimu kuliko yote maana ndo linampa mtu nafasi ya kuomba ruhusa kazini au kutafuta wa kumuachia genge.

Kwa wenye vitochi tutumie meseji za kawaida. Kwenye simu ya Android yenye ile app ya Messages ya Google, ukishaandika meseji unakibonyeza kitufe cha kutuma na kukishikilia, inakuja sehemu ya kuchagua siku na saa, basi. Ila simu lazima iwe imewashwa na ina mtandao muda ule ukifika, ikiwa imezima chaji kabatini hakuna kitakachoenda. Na meseji moja ni herufi 160, ukizidisha inahesabiwa mbili, kwahiyo tuache salamu ndefu. Mfano:

```
SHULE: Wazazi wa la 7, kikao Jumamosi 12/7 saa 3 asubuhi, darasa la 7A. Njoo na daftari la hesabu la mtoto. Tutamaliza saa 5.
```

Ukurasa wa Facebook tufungue mpya, wenye maadmini watatu sio mmoja. Posti za ukurasa zinapangwa kwenye Meta Business Suite, ni bure. WhatsApp ndo kidogo kuna kazi, kwenye yangu mimi sijaona sehemu ya kupanga muda, na zile app za pembeni zinazojidai zinaweza zinaomba ruhusa ya kusoma kila kitu kwenye simu, hizo tusiziguse. Pale tufungue grupu la matangazo tu ambalo maadmini peke yao ndo wanaandika, maneno yawe yameshaandikwa, admini akikumbushwa na alamu anakopi anabandika, dakika moja. Grupu la zamani libaki la stika na madera, silipigi vita, hata mimi nauza humo.

Kuna tahadhari moja nimeijua kwa kuumbuka. Nilijaribu kumpangia dada yangu meseji iende saa mbili asubuhi nikaweka 2:00 AM, ikaenda saa nane usiku. Alinipigia anatetemeka, "Nani kafa?" Kwahiyo anayepanga aweke saa za simu: saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 1 jioni ni 19:00. Napendekeza hiyo ya 19:00, watu wameshatoka Magharibi, wako nyumbani, simu iko mkononi. Mtu wa pili asome kabla ya kuthibitisha, kila tangazo, hata kama ni fupi.

Nyingine ni mambo yanayobadilika. Posti iliyopangwa haijui kama kuna msiba hapo shuleni, au mvua za vuli zimekata njia, yenyewe itatoka tu "Karibuni kwenye bonanza!" wakati watu wako makaburini. Kwahiyo kila Ijumaa mchana mmoja wetu afungue aangalie za wiki inayofuata, za kusogeza asogeze, za kufuta afute. Na sikukuu za mwezi kuandama kama Maulidi tusizifunge mapema kabisa, tuziache rasimu, tukishapata uhakika ndo tunaziachia.

Namba za wazazi zikae kwenye simu ya shule, sio za watu binafsi, na picha za watoto tusiweke bila mzazi kukubali, siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, tusije tukajitafutia kesi kwa bonanza.

Gharama: naomba kamati itoe laini na bando la meseji la kila mwezi, simu ninayo ya akiba, kioo kimepata ufa pembeni lakini inafanya kazi, naitoa iwe ya shule moja kwa moja. Mwalimu wa taaluma alete tarehe, mwalimu mkuu apitishe maneno, mimi na mzazi mmoja wa la 7 tutapanga. Tuanze na madarasa hayo mawili tu muhula mmoja. Daftari la mahudhurio ya vikao lipo ofisini, mwezi wa kumi na mbili tutalifungua tuone wamefika wangapi. Ikiwa bado ni 14, mimi mwenyewe nitasema tuache.

Naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho kabla shule haijafungwa, sio kwenye mengineyo, kwenye mengineyo watu wameshaanza kuangalia saa. Mkinipa dakika kumi nakuja na hiyo simu nawaonyesha hapohapo, tunapanga meseji moja iende kwa mwenyekiti baada ya dakika tano tuone kama itaita.

Wenu,
Mama Zubeda
Mwakilishi wa wazazi, darasa la 4