Jaribio la Fizikia, Kidato cha Kwanza: Umemetuamo

Muda ni dakika 40 na jumla ya alama ni 25. Jibu maswali yote kwa sentensi kamili. Kila unapoulizwa sababu, eleza elektroni zimetoka wapi na zimekwenda wapi, kwa kuwa jibu linalosema tu kwamba kitu "kina umeme" halitapata alama.

1. Mwanafunzi mmoja wa Likoni alichana nywele zake kavu kwa kitana cha plastiki, kisha akakisogeza kitana juu ya vipande vidogo vya karatasi bila kuvigusa. Vipande viliruka vikanata kwenye meno ya kitana, na punde si punde baadhi yake vikarushwa mbali.
(a) Kitana kilipata chaji hasi. Eleza jinsi msuguano ulivyosababisha hali hiyo, na utaje chaji iliyobaki kwenye nywele. (alama 3)
(b) Karatasi haikuwa na chaji hapo mwanzo. Kwa nini ilivutwa? (alama 3)
(c) Kwa nini baadhi ya vipande vilisukumwa baada ya kugusana na kitana? (alama 2)
(d) Alipokisugua kijiko cha chuma alichokishika mkononi, hakuna karatasi iliyosogea. Eleza. (alama 2)

2. Fimbo ya kioo iliyosuguliwa kwa hariri, ambayo hupata chaji chanya, imening'inizwa kwa uzi. Juma anadai kwamba kitu chochote kinachovutana nayo lazima kiwe na chaji hasi. Onyesha kosa la dai hilo, kisha ueleze kwa nini kusukumana ndiko kunakothibitisha kwamba vitu vyote viwili vina chaji. (alama 4)

3. Jaribio la kitana lilifaulu darasani mwezi wa Januari, lakini asubuhi moja ya mvua za Mei halikufaulu, ingawa kitana na karatasi vilikuwa vilevile. Unyevu wa hewa ulichangia vipi? (alama 3)

4. Lori la mafuta kutoka Changamwe limefika kwenye kituo cha petroli. Kabla ya kufungua bomba, utingo anaunganisha tangi na ardhi kwa waya mnene wa shaba. Jibu kwa makini, maana malori haya hupita karibu nasi kila siku na cheche moja inatosha kuwasha mvuke wa petroli.
(a) Chaji hutokeaje mafuta yanapopita kwa kasi ndani ya bomba, na waya huo huzuiaje cheche? (alama 4)
(b) Kwa nini kamba ya nailoni haiwezi kutumika badala ya waya? (alama 1)
(c) Fundi anayepaka gari rangi kwa kupuliza huyapa matone ya rangi chaji ya aina moja na kuliunganisha bodi la gari na ardhi. Eleza kwa nini matone hutawanyika sawasawa hewani, na kwa nini rangi hufika hata upande wa bodi usioelekea bomba la kupulizia. (alama 3)