Malalamiko: Oda Na. 407182, Nimeletewa Chaja Siyo

11 Machi

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi.

Naandika kuhusu oda namba 407182, niliyoilipia yote kwa kadi tarehe 3 Machi. Mzigo ulinifikia tarehe 9 Machi, lakini kilichomo ndani sicho nilichoagiza. Naomba mniletee chaja sahihi na mje kuichukua hii mliyonipa, bila mimi kutoa hata senti.

Kwa mujibu wa uthibitisho mlionitumia siku ya malipo, niliagiza chaja ya laptopu ya wati 65 yenye kichwa cha USB-C. Nilichokikuta kwenye boksi ni chaja ya wati 45 yenye pini ya duara. Laptopu yangu haina tundu la pini hiyo. Inachajiwa kwa USB-C tu. Kibandiko cha mgongoni mwa chaja kinasomeka hivi:

OUTPUT: 19.5V 2.31A 45W

Ukurasa wenu wa bidhaa unasema 20V 3.25A 65W. Hapo hakuna cha kubishania.

Kuna jambo linaloweza kuwasaidia kujua kosa lilitokea wapi. Lebo iliyo juu ya boksi ni sahihi: ina namba ya oda yangu na maneno "65W USB-C". Ila imebandikwa juu ya lebo nyingine, na pembeni, pale ilipokaa upande, herufi "45W" za lebo ya chini zinaonekana wazi. Utepe haukuwa umekatwa, na nilifungua boksi mbele ya kijana aliyeleta mzigo. Kwa hiyo sina sababu ya kumlaumu yeye. Inaelekea kosa lilifanyika ghalani kwenu wakati wa kufungasha, na pengine kuna mteja mwingine huko anayeshangaa chaja yangu. Nimeambatisha picha za lebo zote mbili, kibandiko cha chaja na uthibitisho wa oda.

Jioni hiyohiyo niliwaandikia kwenye chati. Mhudumu wenu alinijibu kwa adabu, nami namshukuru, lakini mapendekezo yake mawili siyakubali.

La kwanza, eti ninunue kiunganishi cha kugeuza pini ya duara iwe USB-C. Mbali na kwamba ni kunitwisha gharama ya kosa lisilo langu, ni ushauri wa hatari. Chaja ya USB-C ya aina niliyoagiza huanza na volti 5, kisha hupandisha baada ya kuelewana na laptopu. Hii ya pini ya duara haina mazungumzo hayo. Inatoa volti 19.5 moja kwa moja. Kiunganishi kikiwa duni, kitakachoungua ni laptopu yangu. Na hata kikiwa kizuri, wati 45 hazitageuka kuwa 65.

La pili, nibaki nayo na nirudishiwe sehemu ya pesa. Asanteni, lakini nitafanya nini na chaja isiyoingia kwenye kifaa changu?

Ninachotaka ni hiki. Nileteeni chaja ya USB-C ya wati 65 kama nilivyoagiza, na atakayeileta aondoke na hii. Kama imekwisha ghalani, nirudishieni pesa zote, pamoja na nauli ya mzigo niliyolipa. Masharti yenu yanasema bidhaa iliyotumwa kimakosa hurudishwa kwa gharama ya muuzaji iwapo mteja atatoa taarifa ndani ya siku 14, na taarifa nimeitoa siku ileile ya kupokea. Chaja haijachomekwa kwenye umeme; iko ndani ya nailoni yake, na boksi nimelihifadhi.

Naomba mnijibu kwa maandishi mmechagua lipi, na jambo hili liwe limekamilika kufikia tarehe 20 Machi. Likipita bila ufumbuzi, nitaiomba benki iliyotoa kadi yangu ibatilishe malipo, na nitapeleka malalamiko kwenye mamlaka ya kulinda walaji pamoja na vielelezo hivihivi. Ningependa tusifike huko. Nimeshanunua kwenu kabla ya hapa na sikuwahi kupata shida, ndiyo maana nawaandikia ninyi kwanza.

Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye oda. Atakayekuja apige kabla ya kutoka, maana siku za kazi sifiki nyumbani kabla ya saa kumi na moja jioni, na sitaki chaja iachwe mlangoni. Safari hii nitasoma kibandiko kabla ya kusaini.

Wenu,
Mteja wa oda namba 407182