Ile barua yako ya shukrani, nimeshaitafsiri

Mdogo wangu, ile barua yako nimeisoma jana usiku na nimeiweka kwa Kiswahili, isome kwanza yenyewe afu ntakwambia nimegusa wapi.

"Habari za kazi mama. Mimi ni yule kijana wa intavyuu ya jana saa nne, nafasi ya stoo ya dawa. Nawashukuru wewe na wenzako wawili kwa muda mlionipa, na kwa kunitembeza stoo yenyewe, maana hamkuwa na ulazima.

Lile swali la friji ya chanjo kusoma nyuzi 11 nimerudi nalo nyumbani. Nilijibu kwamba ningetoa taarifa, nikaishia hapo. Ningepaswa kusema pia kwamba ningezihamishia kwenye friji inayosoma kati ya nyuzi 2 na 8, nizitenge, niziandike zisitumike wala zisitupwe mpaka mhusika aamue, na niandike saa niliyoliona lile joto.

Kazi hii naipenda. Nimezoea kutoa kwanza dawa inayokaribia kuisha muda, hata kama ndiyo iliyoingia mwisho, na rafu zenu nimeona zimepangwa hivyohivyo. Nikipata nafasi nitaifanya kwa moyo. Mkihitaji cheti au karatasi nyingine yoyote nitaileta. Asanteni sana."

Haya. Wewe uliandika umefurahi mno mno, hii ndo kazi ya ndoto zako, huna shaka wewe ndo mtu sahihi, na kila mstari umemalizia na alama ya mshangao. Najua unaitaka kweli, nimekuona ulivyokuwa unajiandaa wiki nzima, ila mama mtu mzima akisoma maneno hayo kwa Kiswahili ataona unambembeleza au kuna mtu kakuandikia, na hapo hata ile kweli yako anaacha kuiamini. Ndo maana nimeacha "naipenda" moja tu, fupi, haina "sana" wala "mno", na nimeiweka baada ya friji, kwa sababu mtu aliyerudi nyumbani na swali la kazi ameshaonyesha anaitaka kabla hajasema. "Kwa moyo" niliifuta mara mbili nikairudisha, bila hiyo barua ilikuwa imekauka kama risiti.

"Wewe ndo mtu sahihi" nimeitoa kabisa, hiyo waseme wao. Na "nasubiri majibu yenu kwa hamu" pia nimeitoa, inawasukuma.

Kitu kimoja nakuomba: hayo ya friji nimeyachukua kwenye simu yetu ya jana jioni ulivyokuwa unajilaumu. Kama kuna hatua nimeiandika vibaya au hukuwaza hivyo, nirekebishie kabla hujatuma, maana wakikuita tena watakuuliza hapohapo.